Karatasi Nne za Mzigo Mmoja

Anayeuza taslimu dukani anahitaji risiti tu. Mteja anatoa fedha, anapewa mzigo wake na risiti, na biashara imekwisha hapo hapo. Taabu huanza pale makubaliano yanapofanyika leo, mzigo ukaondoka baada ya wiki tatu, na fedha zikaja mwezi unaofuata. Kila tukio kati ya hayo lina karatasi yake. Profoma inasema mtauziana kwa bei gani, delivari noti inasema mzigo umefika, ankara inadai fedha, na risiti inathibitisha kwamba mauzo yamefanyika au fedha zimeingia. Ukiitumia moja mahali pa nyingine, hasara hutokea kwenye kodi, kwenye deni, au kwenye mzigo wenyewe.

Njia nyepesi ya kuzielewa ni kufuata mzigo mmoja mwanzo mpaka mwisho. Tuchukue karakana ya seremala pale Keko, Dar es Salaam, iliyoombwa na shule binafsi ya Kibaha kutengeneza madawati 80. Karakana haijasajiliwa kwenye VAT, kwa sababu mauzo yake kwa mwaka hayajafika kiwango cha kulazimika kusajiliwa. Mkuu wa shule ameuliza bei kwa simu, kisha akasema, "Fundi, niandikie profoma niipeleke kwenye bodi."

Profoma ni bei iliyoandikwa kwa ukamilifu kabla ya kuuziana. Inafanana sana na ankara: ina jina la muuzaji na TIN yake, jina la mnunuzi, aina ya bidhaa, idadi, bei ya kimoja na jumla. Ndiyo maana watu huzichanganya. Lakini shule ikiipokea bado haidaiwi hata shilingi, na karakana nayo haijauza kitu. Bodi inaweza kuisoma, ikaona bei kubwa, ikaiweka kando, na hakuna mwenye haki ya kumfuata mwenzake. Kwa hiyo neno PROFOMA liandikwe juu kabisa kwa herufi kubwa, na karatasi ipewe namba ya mfululizo wake wa pekee, tofauti na mfululizo wa ankara. Ukitumia kitabu kimoja kwa zote mbili, mwisho wa mwaka utajikuta na ankara ambazo huwezi kueleza zililipwa na nani, kumbe zilikuwa bei za kuulizia.

Fundi wetu aliandika profoma tarehe 2 Machi. Madawati 80 ya mbao za msonobari kwa shilingi 95,000 kila moja, jumla 7,600,000. Usafiri mpaka Kibaha 150,000. Jumla kuu 7,750,000. Chini yake aliweka mambo matatu ambayo wengi huyasahau: bei hii inadumu siku 14, kazi inaanza baada ya kupokea nusu ya fedha, na mzigo utafika ndani ya siku 21 tangu nusu hiyo ilipolipwa. Muda wa bei si pambo. Mbao za msonobari nyingi zinatoka Mafinga, na bei yake hubadilika na msimu wa mvua, barabara na mafuta. Profoma isiyo na mwisho inampa mnunuzi nafasi ya kurudi baada ya miezi minne akiwa na karatasi yako mkononi, akitaka bei ya wakati ule.

Aandike pia sifa za dawati lenyewe: urefu, upana, unene wa ubao wa juu, rangi au vanishi, kama lina rafu ya chini. Maelezo hayo ndiyo yatakayotumika baadaye kuamua kama kilicholetwa ndicho kilichoagizwa. Profoma inayosema "madawati 80" tu inaacha mlango wazi kwa kila mtu kuwa na dawati lake kichwani.

Zipo sehemu nyingine profoma inakohitajika hasa. Benki au SACCOS inayomkopesha mtu kununua mashine huomba profoma ya muuzaji ili ijue fedha inakwenda wapi na kiasi gani, na mara nyingi humlipa muuzaji moja kwa moja. Taasisi inayotafuta bei kwa wauzaji watatu hukusanya profoma tatu na kulinganisha. Anayeagiza mzigo kutoka China hutumiwa profoma kwanza ili atume malipo ya awali. Lakini mzigo ukifika bandarini Dar es Salaam, forodha wanataka ankara ya biashara, yaani ile iliyotolewa baada ya mauzo kuwa mauzo. Wapo waagizaji wanaolifahamu hili kontena likiwa tayari limeshuka, na kila siku ya kusubiri karatasi nyingine kutoka kwa muuzaji inaweza kuongeza gharama za kuhifadhi.

Sasa kwa nini fundi asingetoa ankara tangu siku ya kwanza, akamaliza? Kwa karakana isiyo kwenye VAT, kosa hilo huharibu vitabu: deni linaandikwa ambalo halipo. Kwa aliyesajiliwa, lina makali zaidi. Sheria ya VAT ya Tanzania inahesabu kodi kuwa imeiva kwa tukio linalotangulia kati ya matatu, ambayo ni kutoa ankara, kupokea malipo, hata kama ni sehemu tu, au kufanyika kwa mauzo yenyewe. Angekuwa amesajiliwa na bei yake ya 7,750,000 haina kodi ndani, ankara ya tarehe 2 Machi ingebeba VAT ya kiwango cha kawaida cha asilimia 18, yaani 1,395,000. Ritani ya Machi inapelekwa kufikia tarehe 20 Aprili. Bodi ya shule ikighairi, atabaki na ankara inayoonyesha kodi ya mauzo ambayo hayakufanyika, na itambidi aifute kwa utaratibu na ushahidi. Profoma haileti hilo. Na asiyesajiliwa asithubutu kuweka mstari wa VAT kwenye karatasi yoyote, hata mteja akimbembeleza, kwa sababu hana haki ya kukusanya kodi hiyo.

Bodi ilikubali. Shule ikatoa hati ya oda yenye namba, ikitaja namba ya profoma, na tarehe 6 Machi ikalipa nusu, shilingi 3,875,000, kwa benki. Hapo ndipo risiti ya kwanza inatolewa. Watu wengi hudhani risiti ni ya mwisho wa biashara tu. Kila fedha inapopokelewa inapaswa kuwa na risiti, na kwa anayetumia mashine ya EFD, risiti hiyo ni ya EFD. Maelezo yake yaseme wazi: malipo ya awali ya madawati, profoma namba fulani. Kiasi kiwe kile kile kilichoingia, 3,875,000.

Hapa kuna kosa ninaloliona mara nyingi na linaumiza. Fundi anatoa risiti ya EFD ya malipo ya awali, halafu mwishoni, kwa kutaka kumpa mteja "risiti kamili", anatoa nyingine ya 7,750,000. Mashine haijui kwamba ya pili ndani yake ina ya kwanza. Inajumlisha tu. Mauzo yake yanasomeka shilingi 11,625,000 kwa mzigo wa 7,750,000. Risiti ikishatoka haifutiki kwenye mashine kwa kubonyeza kitufe, na kurekebisha kunataka barua, nakala na maelezo kwa TRA. Risiti za mzigo mmoja zikijumlishwa lazima zilingane na bei ya mzigo, wala zisizidi. Kabla ya kubonyeza, chukua risiti za nyuma za mteja huyo uzijumlishe.

Karatasi ya tatu ndiyo ninayotaka tukae nayo zaidi, kwa sababu wafanyabiashara wadogo huidharau na ndiyo inayoamua kama watalipwa. Delivari noti ni karatasi inayosafiri na mzigo na kurudi na saini. Haina bei. Inataja bidhaa, idadi, namba ya oda ya mnunuzi, namba ya gari na jina la dereva, na inaacha nafasi ya anayepokea kuandika alichokikuta. Bei haziwekwi kwa sababu wanaoishika ni dereva, vibarua na mtunza stoo, ambao hawana haja ya kujua mmeuziana kwa ngapi, na pia ili anayepokea ahesabu vitu badala ya kulinganisha fedha. Huandikwa kwa nakala tatu: moja inabaki kwa mnunuzi, moja inarudi kwa muuzaji ikiwa na saini, na moja inabaki kitabuni.

Tarehe 20 Machi gari lilipakia madawati 50 na kwenda nayo Kibaha. Fundi aliandika delivari noti ya 50, wala hakuandika 80 kwa kuwa "mengine yanakuja". Hili ni muhimu. Delivari noti inaeleza kilichomo ndani ya gari lile, siku ile. Safari mbili ni karatasi mbili, na kila moja inataja oda ile ile. Dereva alipofika alimwambia mtunza stoo, "Shikamoo mama. Naomba tuhesabu pamoja kabla hujasaini." Wakahesabu wakati yanashushwa, yakatimia 50, mama akaandika jina lake lote, cheo chake, tarehe, saa, akasaini na kupiga muhuri wa shule.

Safari ya pili ilikuwa tarehe 24, madawati 30. Mawili yalifika yamepasuka ubao wa juu, pengine kwa kufungwa vibaya kwenye gari. Angalia kinachofanyika hapa. Njia mbaya, na ndiyo iliyozoeleka, ni mtunza stoo kusaini 30 huku dereva akiahidi kwa mdomo kwamba fundi atakuja kubadilisha. Ahadi hiyo haiko popote. Baada ya mwezi shule itasema ilipokea 28, karatasi itasema 30, na anayejua ukweli atakuwa dereva aliyeshaacha kazi. Njia sahihi ni kuandika juu ya karatasi ile ile, kwenye nakala zote: "Yamepokelewa 28. Mawili yamerudishwa, ubao wa juu umepasuka." Kisha wote wawili wasaini chini ya maneno hayo, mtunza stoo na dereva. Mawili yanapakiwa na kurudi Keko.

Wauzaji wengi huona maandishi hayo kama doa na humtia moyo dereva ayakwepe. Mimi nayaona kama kinga ya muuzaji kuliko ya mnunuzi. Delivari noti yenye maelezo ya kasoro inaonyesha kwamba vingine vyote vilikaguliwa vikakubaliwa. Shule haiwezi tena kuja mwezi Mei kusema madawati 10 yalifika mabovu, maana siku ya kupokea walikagua, wakataja mawili tu.

Jihadhari na saini zisizo na uzito. Mlinzi wa getini anayesaini "kwa niaba" saa kumi na mbili jioni, kijana asiye na cheo, au mkwaruzo tu usio na jina, vyote hivi vitakataliwa siku ya kudai. Kama mhusika hayupo, ni afadhali gari lisubiri au dereva apige simu ofisini kupata jina la aliyeruhusiwa kupokea, na jina hilo liandikwe. Wapo pia wapokeaji wanaoandika "imepokelewa bila kukaguliwa". Hilo ni haki yao pale vitu vimefungwa kwenye maboksi, lakini muuzaji aombe papo hapo tarehe ya ukaguzi iandikwe, la sivyo mlango wa malalamiko utabaki wazi bila mwisho. Nakala yenye saini ikirudi, piga picha siku hiyo hiyo kabla haijalowa mafuta kwenye dashibodi ya gari.

Sasa ndipo ankara inapokuja. Ankara ni dai. Inasema: nimekuletea, unadaiwa kiasi hiki, ulipe kufikia tarehe hii, kwenye akaunti hii. Fundi aliandika ankara tarehe 25 Machi, na hapa ndipo alipotakiwa kuwa makini. Angeandika madawati 80 kama ilivyo kwenye profoma, mhasibu wa shule angeirudisha. Mhasibu hafanyi kazi kwa kumbukumbu. Anaweka mezani oda, delivari noti na ankara, anazilinganisha. Oda inasema 80, delivari noti mbili zinasema 50 na 28. Ankara ikisema 80 haziendani, na isiyoendana haipandi kwenda kwa mwenye kusaini hundi. Inakaa kwenye faili, na aghalabu hakuna anayempigia muuzaji kumwambia kwa nini.

Kwa hiyo ankara ikawa hivi. Madawati 78 kwa 95,000 ni 7,410,000. Ongeza usafiri 150,000, jumla 7,560,000. Toa malipo ya awali 3,875,000 kwa risiti ya tarehe 6 Machi. Salio linalodaiwa 3,685,000. Namba ya oda imetajwa, namba za delivari noti zote mbili zimetajwa, na nakala zake zimeambatishwa. Tarehe 27 Machi madawati mawili yaliyotengenezwa upya yalipelekwa kwa delivari noti ya tatu, na ankara ya pili ya 190,000 ikafuata. Ukijumlisha 3,685,000 na 190,000 unapata 3,875,000, nusu iliyobaki, na hesabu imefunga bila kuandika kitu ambacho hakijatokea. Fundi angeweza pia kusubiri mpaka tarehe 27 atoe ankara moja ya yote. Kwa mawili tu na siku mbili, mimi ningesubiri. Lakini yangekuwa 20 na kazi ya wiki tatu, kusubiri kungemaanisha kuzuia fedha zake mwenyewe.

Kuna sababu ya kutochelewesha ankara. Shule ilikubali kulipa ndani ya siku 30, na siku hizo huhesabiwa tangu ankara, hazihesabiwi tangu mzigo ulipofika, isipokuwa mmeandikiana vinginevyo. Ankara ya tarehe 25 Machi inaiva tarehe 24 Aprili. Fundi anayemaliza kazi Machi na kukumbuka kuandika ankara mwisho wa Aprili amejiongezea mwenyewe mwezi mzima wa kusubiri. Na ankara isiachwe mapokezi tu. Peleka nakala mbili, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Ukituma kwa barua pepe, omba jibu la maandishi kwamba imepokelewa. "Hatujaiona ankara yako" ni jibu ambalo nakala yenye muhuri hulimaliza kwa dakika moja.

Limebaki suala la risiti ya mwisho, ambalo huwatia wauzaji wengi hofu. Mhasibu anasema, "Kaka, leta risiti ya EFD ndiyo niandae malipo." Fundi anajiuliza, nitoeje risiti na fedha sijaiona? Hofu hiyo ina msingi, kwa maana risiti ya mkono iliyoandikwa "nimepokea" ni kukiri kwamba umelipwa, na ukiitoa kabla ya fedha umejifunga mwenyewe. Risiti ya EFD nayo ni kumbukumbu ya mauzo kwa ajili ya kodi, na kwa mauzo ya mkopo mara nyingi hutolewa wakati wa kudai, kwa kuwa mnunuzi anaihitaji kwenye vitabu vyake, na aliyesajiliwa VAT hawezi kudai kodi yake bila hiyo. Ninachoshauri ni kwamba, ukilazimika kuitoa mapema, itoe ya salio tu, 3,685,000, usitoe ya jumla, na uipeleke pamoja na barua fupi au maneno juu ya ankara: "Risiti imeambatishwa kwa maombi ya mnunuzi. Ankara haijalipwa." Mhasibu asaini nakala yako. Risiti ya mkono ya kupokea fedha usiiandike kamwe mpaka uione kwenye akaunti, hata ukionyeshwa picha ya karatasi ya benki kwenye simu.

Mnunuzi naye ana la kuangalia. Risiti ya EFD ina TIN ya muuzaji, tarehe, saa, na namba ya kuhakiki pamoja na msimbo wa kuchanganua kwa simu, na inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya TRA, verify.tra.go.tz. Isipoonekana huko, au ikionekana kwa kiasi kingine, usiilipe ankara mpaka muuzaji ameeleza. Karatasi ya profoma yenye muhuri mkubwa wa duka, hata ikiandikwa "IMELIPWA" kwa kalamu nyekundu, haiwezi kuchukua nafasi yake mbele ya mkaguzi.

Shule ililipa salio tarehe 22 Aprili. Fundi akaweka kwenye bahasha moja profoma, nakala ya oda, delivari noti tatu, ankara mbili na risiti zote, akaandika juu namba ya oda na mwaka. Sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Karatasi za EFD hufifia mapema kuliko hapo, hasa zikiwekwa dirishani au karibu na joto, kwa hiyo kila risiti itolewe fotokopi kwenye karatasi ya kawaida na vipande viwili vipigiwe pini pamoja.